Nani Alimpeleka Gerezani?

Mwalimu yeyote wa Uraia na Maadili ameshakutana na swali hili, na huenda amewahi kulitunga mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani:

Kazi ya Jeshi la Polisi ni ipi?
A. Kutunga sheria
B. Kulinda raia na mali zao
C. Kufundisha wanafunzi
D. Kutibu wagonjwa

Darasa zima litapata. Atapata mwanafunzi anayejua polisi wanafanya nini, atapata aliyekariri maneno "raia na mali zao" kwa kuyasikia redioni, na atapata hata yule asiyejua lolote, maana hajawahi kumwona askari akichoma mtu sindano wala akishika chaki. Kisheria swali halina kosa. Kasoro yake ni kwamba halijauliza kitu. Ondoa polisi uweke mahakama, jibu liwe "kutoa haki". Weka magereza, jibu liwe "kurekebisha tabia za wahalifu". Bado mwalimu atabaki na karatasi iliyojaa alama za vema, asijue nani kaelewa na nani kabahatisha.

Sasa mngoje mwanafunzi huyohuyo nje ya darasa, umwulize kuhusu jirani aliyekamatwa wiki iliyopita na hajarudi nyumbani. Atakwambia, "Polisi wamemfunga." Na mtu mzima aliye kando yake atatikisa kichwa kukubali. Ndani ya maneno hayo mawili mna makosa kadhaa: polisi hawana mamlaka ya kumfunga mtu, huenda jirani huyo hajahukumiwa, huenda hata kesi yake haijaanza kusikilizwa. Hapo ndipo mtihani wa uraia ungetakiwa kuchimba, na hapo ndipo maswali mengi hayafiki.

Sababu moja ni jinsi mada inavyopangwa vitabuni. Polisi wana orodha yao ya kazi, mahakama orodha yake, magereza orodha yao. Mtunzi wa maswali naye huchota kila swali kwenye orodha mojawapo. Lakini mwananchi anapokutana na vyombo hivi havimjii kwa orodha. Vinamjia kwa mfuatano, kila kimoja kikimkabidhi mtu kwa kingine, na ujuzi wenyewe uko kwenye makabidhiano hayo: nani aliamua, kwa mamlaka gani, na kwa karatasi gani.

Mtu mmoja, mikono minne

Kabla ya kutunga swali, mtunzi anahitaji picha ya safari nzima. Tuichukue Tanzania Bara, ambako Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndiyo inayoongoza sehemu kubwa ya safari hiyo.

Polisi hupokea taarifa, hukamata, huchukua maelezo, hukusanya vielelezo na kuandaa jalada. Kazi yao inahusu tuhuma. Jalada hilo husomwa na upande wa mashtaka, ulio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Cheo hicho kimo katika Katiba, ibara ya 59B, na Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008 ndiyo iliyoweka mfumo wa mashtaka ulio tofauti na upelelezi. Kwa miaka mingi wananchi walizoea kuona askari polisi ndiye anayesimama mahakamani kuendesha mashtaka, ndiyo maana vitabu vingi vya zamani vinaandika "kushtaki" kama kazi ya polisi. Mtunzi anayenakili kutoka vitabu hivyo hurithi jambo hilo bila kujua.

Mahakama husoma shtaka, humsikiliza mshtakiwa na mashahidi, huamua kama ana hatia na, akiwa nayo, hutoa adhabu. Magereza humpokea mtu kwa amri ya mahakama tu. Mkuu wa gereza hawezi kumpokea mtu kwa sababu askari wa doria amesema huyu ni mwizi. Anahitaji hati yenye saini ya hakimu au jaji na muhuri wa mahakama. Hati hiyo inaweza kuwa ya kumweka mtu mahabusu akisubiri kesi, au ya kifungo baada ya hukumu. Karatasi hizo mbili ndizo zinazowatenganisha watu wawili wanaolala ndani ya ukuta mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo maswali ya kawaida hulifunika kabisa. Polisi na Magereza wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, yaani ni sehemu ya Serikali. Mahakama si sehemu ya Serikali kwa maana hiyo. Ni mhimili unaosimama peke yake. Ibara ya 107A ya Katiba inaipa mamlaka ya mwisho ya utoaji haki, na ibara ya 107B inaipa uhuru wa kufanya kazi hiyo. Mwanafunzi anayeviweka vyombo vyote vitatu kapu moja na kuviita "vyombo vya dola" hawezi kueleza kwa nini hakimu ana uwezo wa kumwachia mtu ambaye polisi wana hakika kwamba ndiye mwizi. Binafsi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mada hii, na nimeona karatasi nyingi za moko zisizoligusa hata kwa alama moja.

Kutengeneza kisa

Namna ya kufika kwenye makabidhiano ni kutunga kisa kifupi, sentensi tatu au nne, kisha kuuliza jambo moja ndani yake. Kazi inaonekana nyepesi, lakini kila neno la kisa linabeba sheria nyuma yake. Tuanze na rasimu hii:

Mwanafunzi wa darasa la saba aliiba simu sokoni. Polisi walimkamata Ijumaa jioni, akakiri kosa. Jumatatu alipelekwa mahakamani na kufungwa gerezani miezi sita. Nani alimfunga?

Jibu lililokusudiwa ni "mahakama". Lakini kisa hiki hakifai kuingia katika chumba cha mtihani.

Tazama mhusika kwanza. Walimu wengi hupenda mhusika awe mwanafunzi ili watoto wajione ndani ya swali. Wa darasa la saba ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Shauri lake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, na sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Akisubiri shauri anaweza kuwekwa katika mahabusu ya watoto. Akipatikana na hatia ziko njia nyingine, ikiwamo kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Kwa hiyo kisa kimemfundisha mtoto jambo ambalo sheria imelikataza, tena kimemfundisha ndani ya mtihani, mahali ambapo wanafunzi huamini kila kilichochapwa.

Kisha tazama siku. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni zaidi ya saa 60. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mtuhumiwa wa kosa la namna hii kwa kawaida hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana ya polisi, ataanza kujiuliza kama swali linahusu uvunjaji wa haki. Ataacha njia aliyoitaka mtunzi na kufuata nyingine, na yeye ndiye mwanafunzi bora darasani.

Kosa lenyewe nalo lina uzito wake. Simu ni chaguo zuri, maana wizi wa kawaida una dhamana. Mtunzi anayetaka kisa kisisimue, akaandika "unyang'anyi wa kutumia silaha", amejifungia mlango: kosa hilo, kama mauaji na uhaini, halina dhamana, na hataweza tena kuuliza lolote kuhusu mdhamini.

Mwisho ni mahali. Mtahiniwa wa kidato cha nne aliyeko Wete au Makunduchi hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani uleule wa mwenzake wa Singida. Polisi ni jambo la Muungano, na Mahakama ya Rufani pia. Magereza si jambo la Muungano. Zanzibar wafungwa wako chini ya Chuo cha Mafunzo, idara maalumu ya Serikali ya Mapinduzi, na Zanzibar ina Mahakama Kuu yake. Swali linalosema "chombo kinachohifadhi wafungwa nchini Tanzania ni Jeshi la Magereza" ni kweli kwa nusu ya Muungano. Dawa yake si ngumu: taja mji ambapo kisa kinatokea.

Baada ya kusafishwa, kisa kinasomeka hivi:

Dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 22 mjini Dodoma alikamatwa na polisi Jumanne jioni akituhumiwa kuiba simu. Kituoni alihojiwa, akakiri. Jumatano asubuhi alisomewa shtaka mahakamani, akakana. Dhamana ilikuwa wazi lakini hakupata mdhamini, hivyo akapelekwa gerezani hadi siku ya kutajwa kesi.

Huyu ana umri unaoeleweka, siku zinazokubalika, kosa lenye dhamana na mji unaojulikana. Tena amebeba mtego wa haki kabisa: alikiri polisi, akakana mahakamani. Katika akili za watu wengi kukiri kituoni ndio mwisho wa kesi. Kisheria maelezo yale ni ushahidi tu, unaoweza kupokelewa au kukataliwa mahakamani, na ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamlinda mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo.

Vipotoshi vinavyotoka mtaani

Kisa kikikamilika, linafuata swali lenyewe na machaguo yake. Majibu yasiyo sahihi huitwa vipotoshi, na hayo ndiyo yanayoamua kama swali litatofautisha anayejua na asiyejua. Kipotoshi kizuri hakibuniwi mezani. Kinachukuliwa kutoka katika midomo ya watu. Njia niipendayo ni kuwapa wanafunzi kisa bila machaguo, waandike jibu kwa maneno yao, kisha nikusanye makosa yanayojirudia. Ukifanya hivyo na kisa cha Dodoma utapata mambo kama "ni mfungwa kwa sababu yuko gerezani", "ni mwizi kwa sababu alikubali polisi" na "polisi ndio waliompeleka". Hayo ndiyo machaguo yako, yamekuja bure.

Rasimu ya kwanza ya swali la hadhi yake huwa namna hii:

Wakati akiwa gerezani, kijana huyu ni nani kisheria?
A. Mfungwa
B. Mhalifu
C. Mshtakiwa aliye mahabusu kwa kuwa mahakama bado haijamtia hatiani
D. Shahidi

C ni ndefu mara tisa kuliko nyingine. Mwanafunzi mjanja asiyejua kitu ataichagua, kwa kuwa ameshagundua kwamba walimu hujali kuandika jibu sahihi kwa uangalifu na kuyatupa mengine kwa neno moja. D nayo haina wa kuichukua, kwani hakuna aliyefikiri kwamba kijana huyu ni shahidi. Ama urefushe yote, au uyafupishe yote, na sababu iende kwenye kila chaguo:

A. Mfungwa, kwa sababu yuko gerezani
B. Mfungwa, kwa sababu alikiri polisi
C. Mahabusu, kwa sababu hajatiwa hatiani
D. Mahabusu, kwa sababu hajafikishwa mahakamani

Sasa anayejua neno "mahabusu" peke yake hatoshi kupata alama. Anabaki kati ya C na D, na lazima arudi kwenye kisa aone kwamba kijana alishafikishwa mahakamani Jumatano. Swali linapima neno na sababu kwa pamoja, na bado linasomeka chini ya nusu dakika.

Kisa hichohicho kinaweza kuzaa swali la pili, la mamlaka: nani aliyeamua kijana apelekwe gerezani? Machaguo yanakuwa mkuu wa kituo cha polisi, mwendesha mashtaka, hakimu, mkuu wa gereza. Ila uangalie jibu la swali moja lisiwe ndani ya shina la jingine. Ukiandika "hakimu aliamuru apelekwe gerezani" katika kisa, umeshajibu.

Neno "pekee" na majibu mawili

Katika mada hii kuna kosa moja linalowasumbua hata watunzi wazoefu, nalo ni swali lenye majibu mawili ya kweli. Linatokea kwa sababu orodha za vitabuni zimegawa kazi kwa usafi ambao sheria yenyewe haina.

"Nani ana mamlaka ya kutoa dhamana? A. Polisi, B. Mahakama, C. Magereza, D. Mkuu wa Wilaya." Mtunzi alitaka B. Lakini polisi nao hutoa dhamana kituoni, kabla mtuhumiwa hajafikishwa mahakamani; kila mzazi aliyewahi kuamshwa usiku kwenda kumdhamini kijana wake kituoni analijua hilo kuliko mtunzi. A ni sahihi kama B.

"Chombo pekee kinachoruhusiwa kumkamata mhalifu ni kipi?" Hapa neno "pekee" limeua swali. Afisa wa TAKUKURU hukamata. Raia wa kawaida naye anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mwanafunzi hapaswi kufundishwa kwamba hana ruhusa hiyo, kama ambavyo hapaswi kufundishwa kwamba ruhusa hiyo inafika kwenye kumpiga mtu. Kwa kweli swali zuri lingeweza kutungwa hapohapo, kuhusu mipaka ya umati uliomshika mwizi sokoni.

"Adhabu hutolewa na mahakama tu." Mwanafunzi ambaye baba yake ni dereva wa daladala atainua mkono: askari wa usalama barabarani humwandikia dereva faini, naye akalipa bila kumwona hakimu. Ni kweli, na maelezo yake ni kwamba dereva amekubali kosa na kulipa, akiwa bado na haki ya kukataa na kwenda mahakamani. Lakini maelezo hayo hayapo kwenye swali, na mtahiniwa hana mwalimu wa kumwuliza.

Upande wa kutoka gerezani nao una mtego wake. "Nani ana mamlaka ya kumwachia mfungwa?" Mahakama ya juu inaweza kumwachia kwa rufaa. Rais anaweza kumsamehe kwa ibara ya 45. Bodi ya Parole inaweza kupendekeza atumikie sehemu iliyobaki akiwa nje. Na Magereza, kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 1967, humpunguzia mfungwa mwenye tabia njema theluthi ya kifungo, hivyo aliyepewa miezi 18 anaweza kutoka baada ya miezi 12. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefanya kazi ya mwenzake: rufaa inagusa hukumu, msamaha na parole na punguzo vinagusa muda wa kukaa. Swali linalouliza "nani anaachia" haliwezi kuwa na jibu moja. Linaloeleza kwamba mfungwa alitoka baada ya theluthi mbili za kifungo kwa tabia njema, kisha likauliza kama hukumu yake imefutwa, lina jibu moja tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, mpe swali mtu aliye nje ya darasa. Karani wa mahakama ya mwanzo, askari mstaafu wa Magereza au wakili wa msaada wa kisheria atakuonyesha jibu la pili kwa dakika mbili. Mwalimu mwenzako hatakuonyesha, kwa sababu naye amesoma kitabu kilekile.

Swali la kujieleza

Si kila kitu kinaingia kwenye kuchagua. "Eleza tofauti kati ya mahabusu na mfungwa" ni swali zuri, lakini linaharibiwa na usahihishaji. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba mahabusu anavaa nguo zake na mfungwa anavaa sare. Mwingine ataandika kwamba mfungwa anafanya kazi. Mwingine kwamba mfungwa ametiwa hatiani na mahabusu bado. Wote wametaja tofauti, lakini ni wa tatu tu aliyegusa chanzo. Hao wengine wametaja matokeo yake.

Mwongozo wa usahihishaji uliosema "tofauti yoyote sahihi, alama 1" utawapa wote sawa. Mimi ningelipa swali alama 4: mbili kwa kusema kwamba mmoja ametiwa hatiani na mahakama na mwingine anasubiri, moja kwa kutaja kwamba wote wawili wako pale kwa amri ya mahakama, na moja kwa tofauti yoyote ya maisha ya ndani. Aliyetaja sare tu anaondoka na moja. Na ni lazima mwongozo useme wazi la kufanya na jibu linalotokea kila mwaka: "mahabusu hukaa polisi, mfungwa hukaa gerezani". Kituo cha polisi kina chumba cha mahabusu, kwa hiyo mwanafunzi ana sababu ya kufikiri hivyo, lakini mahabusu wengi wako magerezani. Bila maelekezo hayo msahihishaji mmoja atatoa alama na mwenzake atanyima, na mzazi atakayelinganisha karatasi mbili atakuwa na haki ya kulalamika.

Karatasi zinaporudi

Swali likishafanywa, majibu yenyewe yanalisema. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 60. Wapange kwa jumla ya alama za mtihani mzima, kisha utenge 16 wa juu kabisa na 16 wa chini kabisa. Ni kama asilimia 27 kila upande, kiwango ambacho wapimaji wamekizoea. Halafu uhesabu kila kundi lilichagua nini.

Tuseme kwenye swali la nani aliamua kijana aende gerezani, kundi la juu lilitoa majibu haya: hakimu 9, mkuu wa kituo 6, mwendesha mashtaka 1. Kundi la chini: hakimu 4, mkuu wa kituo 9, mwendesha mashtaka 3. Mkuu wa gereza hakuchaguliwa na mtu. Waliopata ni 13 kati ya 32, karibu asilimia 41, maana yake swali ni gumu kiasi lakini halijavuka mpaka. Tofauti kati ya makundi ni 9 kutoa 4, ugawe kwa 16, unapata 0.31. Wapimaji huona kwamba kuanzia 0.3 swali linatenganisha vizuri. Mkuu wa kituo amefanya kazi yake kama kipotoshi: amewavuta wengi, na wengi wao ni wa chini. Mkuu wa gereza amekufa; mwaka ujao mwondoe, umweke mlalamikaji aliyeibiwa simu, kwani wapo wanaoamini kwamba mwenye mali ndiye anayeamua mtu afungwe au asamehewe. Lakini wanafunzi 6 wa kundi la juu waliomchagua mkuu wa kituo wanakwambia jambo jingine, nalo halihusu swali. Linahusu somo. Rudi darasani na hati ile ya mahakama.

Sasa linganisha na swali la dhamana lenye ufunguo "mahakama". Kundi la juu: mahakama 7, polisi 8, wengine 1. Kundi la chini: mahakama 10, polisi 3, wengine 3. Ukitoa 10 kwenye 7 unapata hasi 3. Ukigawa kwa 16 ni kama hasi 0.19. Wanafunzi bora wamekosa zaidi ya wale dhaifu. Namba hasi haisemi kwamba wanafunzi bora wamechanganyikiwa. Inasema ufunguo una kasoro, na katika mada hii mara nyingi kasoro hiyo ni jibu la pili la kweli. Hatua ya haki ni kuwapa alama wote waliochagua polisi au mahakama kabla matokeo hayajabandikwa ubaoni, kisha kulitunga swali upya kwa kulifunga ndani ya kisa:

Jumanne usiku, kabla hajafikishwa mahakamani, ndugu wa dereva wa bodaboda walifika wakitaka kumdhamini. Nani mwenye mamlaka ya kupokea ombi lao wakati huo?
A. Hakimu wa zamu
B. Mkuu wa kituo cha polisi
C. Mkuu wa gereza
D. Mlalamikaji aliyeibiwa simu

Ufunguo ni B. Swali linalofuata karatasini linaweza kuuliza jambo lilelile kwa Jumatano asubuhi, shtaka likiwa limeshasomwa.